Damu isiyoonekana: Kina mama Bugembe wafunzwa dalili zisizosubiri kesho

JERIKENI la njano la lita tano, bua la jani la mpapai, punje chache za karanga na saa ya mkononi. Hivyo ndivyo vifaa alivyokuja navyo mhudumu wa afya wa jamii kwenye mkutano wa kikundi cha akiba cha kina mama hapa Bugembe, kitongoji cha Jiji la Jinja kilichotanda kando ya barabara kuu iendayo Iganga, ile ile ambayo malori ya Mombasa hupita usiku na mchana.

Kina mama wapatao thelathini walikaa juu ya mikeka chini ya mwembe, sanduku lao la akiba lenye kufuli tatu likiwa katikati. Mhudumu aliwasalimu kwa Kisoga, “Kodheyo,” kisha akaendelea kwa mchanganyiko wa Kisoga na Kiswahili, kwa kuwa baadhi ya wanakikundi ni wake wa wafanyakazi wa mashamba ya miwa ya Kakira ambao asili yao si Busoga. Wao humwita “musawo”, yaani mganga, ingawa yeye mwenyewe hukumbusha kila mara kwamba si daktari wala muuguzi. Ni mmoja wa wahudumu wa kujitolea wa Timu za Afya za Vijiji, wanaojulikana Uganda nzima kama VHT, mpango ulioanza mwaka 2001. Nchini Tanzania na Kenya wapo wenzao wanaofanya kazi inayofanana na hiyo kwa majina mengine.

Hakuanza na jerikeni. Alianza na swali: “Mama akitokwa na damu kidogo tu, tone mbili tatu, mnamwambia nini?”

Jibu lilikuwa karibu moja. Damu kidogo si neno, apumzike. Damu nyingi ndiyo ya kukimbizia hospitali.

“Basi leo tutazungumzia damu kidogo,” akasema.

Tatizo alilotaka waelewe ni mimba iliyotunga nje ya kizazi. Kwa kawaida yai la mama hukutana na mbegu ya baba ndani ya mrija wa uzazi, si ndani ya kizazi chenyewe kama wengi wanavyodhani. Likishatungwa, huchukua takriban wiki moja kusafiri ndani ya mrija huo mwembamba hadi lifike kwenye kizazi na kujishikiza. Hapo ndipo bua la mpapai lilipofanya kazi. Lina uwazi katikati kama mrija. Alidondosha punje ndogo ya karanga upande mmoja, akapuliza, ikatokea upande wa pili. Kisha akalibana bua kwa vidole katikati na kupuliza tena. Karanga ikakwama.

“Hapa ilipokwama haitakufa. Itaota,” alieleza. “Mimba hukua, lakini bua halitanuki kama kizazi. Siku moja litapasuka.”

Kati ya mimba 100, moja au mbili hutunga nje ya kizazi, na karibu zote hukwama ndani ya mrija. Kinachoubana mrija mara nyingi ni kovu. Magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia yanaweza kupanda hadi kwenye mirija na kuacha makovu, wakati mwingine bila mama mwenyewe kuhisi kwamba aliugua. Maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kutoka nayo huacha makovu, na vivyo hivyo upasuaji wa zamani tumboni. Mama aliyewahi kupata tatizo hili mara moja yumo katika hatari kubwa zaidi ya kulipata tena. Lakini mhudumu alisisitiza kwamba wako wengi wanaopata mimba ya namna hii bila kuwa na historia yoyote kati ya hizo, kwa hiyo hakuna wa kusema “hili si langu.”

Mama mmoja aliyekaa nyuma alidakia kwamba yeye amefungwa kizazi, hivyo anaweza kuondoka akauze nyanya zake. Kicheko kikazuka. Mhudumu alimwomba abaki.

Kufunga kizazi na kitanzi huzuia mimba vizuri sana, alisema, na kwa jumla mama anayetumia njia hizo hupata mimba za nje chache kuliko asiyetumia njia yoyote. Ila ikitokea ile mara moja adimu njia ikashindwa, uwezekano wa mimba hiyo kuwa nje ya kizazi ni mkubwa kuliko kawaida. Kwa hiyo mwenye kitanzi au aliyefungwa kizazi akikosa hedhi na tumbo likamuuma, asijifariji kwamba haiwezi kuwa mimba. Huyo ndiye wa kuharakishwa zaidi.

Muuza nyanya alikaa chini.

Kisha ukaja mfano ambao ulikinyamazisha kikundi. Mhudumu hakutaja jina wala kijiji. Mama wa miaka 29, muuza dagaa, watoto wawili. Hedhi yake ilichelewa siku kumi. Kisha akaona damu kidogo, nyeusi nyeusi kama mashapo ya kahawa, ikaja siku mbili na kukoma. Akahesabu kwamba hiyo ndiyo hedhi yake, imechelewa tu kwa sababu ya kazi.

Jumanne alianza kuumwa chini ya kitovu, upande wa kulia. Hayakuwa maumivu ya kubana na kuachia kama ya hedhi, bali yalikaa mahali pamoja. Alikwenda duka la dawa, akasema tumbo linamuuma. Hakuulizwa habari za hedhi, naye hakuzitaja. Alipewa vidonge vya maumivu na vya malaria. Jirani akamletea emmumbwa, ule udongo uliokandwa na mitishamba ambao kina mama wa sehemu hizi hunywa, hasa wajawazito. Usiku maumivu yalipungua, na yeye akashukuru dawa.

Jumatano alfajiri yalirudi ghafla kama kuchomwa kisu, kisha yakatulia kiasi. Akaenda sokoni. Saa nne asubuhi bega la kulia likaanza kuuma. Alidhani ni kwa sababu ya kubeba beseni la dagaa. Akawa anahisi haja kubwa kila mara lakini akienda chooni hakuna kitu. Mchana, aliposimama kutoka chooni, macho yakaingia giza akaanguka. Wenzake walimmwagia maji usoni, akazinduka, akasema ni njaa.

Pedi aliyokuwa amevaa ilikuwa na doa dogo tu.

Hapa mhudumu alichukua jerikeni. Mwili wa mama wa kawaida una damu ya lita nne na kidogo. Mrija ukipasuka, damu haishuki njiani ikaonekana kwenye pedi. Inamwagikia ndani, katika uwazi wa tumbo, na tumbo la mama linaweza kumeza lita mbili bila kuvimba sana kwa nje. Alimimina kikombe kimoja cha maji chini ya mwembe, kisha cha pili na cha tatu, huku akieleza. Nusu lita ikitoka, mtu mzima mwenye afya hahisi sana, ndiyo maana watu huchangia damu na kurudi kazini. Ikikaribia lita moja, moyo huanza kwenda mbio ili kuziba pengo, na mama akisimama anapata kizunguzungu. Ikikaribia lita mbili, ngozi inakuwa baridi na yenye jasho, mama anachanganyikiwa au anasinzia, na muda uliobaki huhesabiwa kwa dakika.

“Kwa hiyo ukimuuliza amelowesha pedi ngapi, umeuliza swali la ugonjwa mwingine,” alisema.

Na bega? Mwanakikundi mmoja alishindwa kuona uhusiano wa bega na kizazi, na swali lake lilikuwa la haki. Damu iliyomwagika tumboni, hasa mama akiwa amelala, husambaa hadi juu na kugusa kiwambo, ule msuli unaotenganisha tumbo na kifua. Mshipa wa fahamu unaohudumia kiwambo hutokea shingoni, mahali pale pale inapotokea mishipa ya fahamu ya ncha ya bega. Ubongo hushindwa kutofautisha na kudhani bega ndilo linalouma. Maumivu hayo hayaongezeki ukiuzungusha mkono wala hayapoi ukisuguliwa, na mara nyingi huzidi mama akilala chali. Vivyo hivyo ile haja kubwa isiyotoka: ni damu iliyotuama nyuma ya kizazi na kuubana utumbo wa mwisho.

Muuza dagaa alifikishwa hospitalini Jumatano usiku. Alichelewa saa nyingine tatu kwa sababu mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini na simu yake haikupatikana, na wazee wa nyumba hawakutaka kuamua bila yeye. Alipasuliwa usiku huo huo, mrija uliopasuka ukaondolewa, akaongezewa damu. Yuko hai na anauza dagaa. Mrija wa pili umebaki, na kwa mrija mmoja mama anaweza kushika mimba ya kawaida, ingawa safari nyingine akikosa hedhi anapaswa kwenda kupimwa mapema, asisubiri maumivu.

“Ilikuwa na milango mitano ya kumwokoa mapema,” mhudumu aliwaambia, na akawataka waitaje. Kikundi kiliitaja karibu yote: ile damu iliyodhaniwa hedhi, duka la dawa, bega, kuzimia sokoni, na kumsubiri mume. Mama mzee aliongeza wa sita, kwamba wale waliomuona akianguka sokoni walikubali haraka jibu la njaa.

Kipimo cha mkojo cha mimba kinauzwa kwenye maduka ya dawa kwa bei ndogo. Mhudumu alionyesha kimoja na kueleza kinavyosomwa, mstari mmoja na mistari miwili. Lakini alitumia muda mwingi zaidi kueleza kisichoweza kufanya. Mistari miwili inasema mimba ipo. Haisemi ipo wapi. Mama mwenye mistari miwili na maumivu ya upande mmoja anahitaji kwenda kituo siku hiyo hiyo, ambako ultrasaundi ndiyo itakayotafuta kama mimba imo ndani ya kizazi. Mimba ikiwa changa mno, hata ultrasaundi yaweza isione kitu popote, na hapo mama huambiwa arudi baada ya siku mbili. Kurudi huko si hiari. Wapo wanaodhani kutoonekana kitu maana yake ni salama, wakakaa nyumbani.

Ikigunduliwa kabla ya kupasuka, kuna nafasi ya kutibiwa bila haraka ya kufa na kupona, na wengine hutibiwa kwa dawa bila kupasuliwa, mradi hospitali iweze kuwafuatilia kwa vipimo vya damu. Ikishapasuka ni upasuaji peke yake. Mama aliyezimia, kwa upande mwingine, hana haja ya kipimo cha dukani kwanza. Anakwenda moja kwa moja.

Anakwenda wapi? Swali hili lilichukua nafasi kubwa kuliko ilivyotarajiwa. Katika mfumo wa Uganda, vituo vya afya vya ngazi ya pili na ya tatu havina chumba cha upasuaji. Kwa mujibu wa mpango wa serikali, ngazi ya nne ndiyo ya kwanza inayopaswa kuwa nacho, pamoja na daktari. Bugembe ina bahati ya kuwa na kituo cha ngazi ya nne, na Hospitali ya Rufaa ya Jinja haiko mbali. Wanawake wa vijiji vya ndani hawana ukaribu huo, na kosa linalowapata ni kupanda ngazi moja moja: zahanati ya mtu binafsi, kisha ngazi ya pili, kisha ya tatu, kila mahali foleni na barua. Kwa mama anayevuja ndani, alisema mhudumu, kila kituo kisicho na upasuaji ni kikombe kingine kinachomwagwa.

Alitoa maelekezo ya safari kwa ufupi. Asipakiwe peke yake nyuma ya bodaboda, kwa kuwa akizimia ataanguka. Gari ni bora, alale ubavu au chali miguu ikiinuliwa. Asipewe chakula, kwa kuwa huenda akaingia chumba cha upasuaji. Asikandwe tumbo. Waende naye watu wawili wanaoweza kuchangia damu ikihitajika. Na wakifika mapokezi wasiseme “tumbo linauma”, maana wenye tumbo linalouma ni wengi pale. Alilifundisha kikundi sentensi moja na kuifanya wairudie: “Hedhi imechelewa, anaumwa chini upande mmoja, na amezimia.” Muuguzi yeyote akisikia maneno hayo matatu pamoja anajua la kufanya.

Saa ya mkononi ilikuwa ya kuhesabia mapigo. Kina mama waliwekeana vidole kwenye kifundo cha mkono na kuhesabu kwa dakika nzima. Wengi walipata kati ya 70 na 90. Mhudumu aliwaambia kwamba mama aliyetulia, hana homa, na mapigo yake yanapita 100 huku akiumwa chini ya kitovu, asiachwe alale “aone asubuhi itakuwaje”. Lakini aliwaonya pia kwamba mama kijana mwenye nguvu anaweza kuwa na mapigo ya kawaida kwa muda huku akivuja, kwa hiyo mapigo mazuri hayafuti kuzimia.

Dalili nyingine za siku hiyo hiyo alizipitia kwa haraka zaidi. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja pamoja na kutapika, hata kama kipimo cha mimba hakionyeshi kitu, yaweza kuwa ovari iliyojisokota kwenye kishikizo chake na kukosa damu. Hiyo nayo isipofunguliwa kwa upasuaji katika saa chache hufa. Homa yenye baridi, maumivu chini ya kitovu na uchafu wenye harufu mbaya, hasa baada ya kujifungua au mimba kutoka, ni maambukizi yanayoweza kuingia kwenye damu. Hapa alishusha sauti na kusema jambo ambalo katika mikutano ya namna hii husemwa kwa kuzungukazunguka: mama akifika hospitalini baada ya mimba kutoka, iwe imetoka yenyewe au imetolewa, aseme ukweli kwa anayemtibu, kwa kuwa tiba inategemea hilo. Na mwenye kulowesha pedi nzima kila saa kwa saa mbili mfululizo hahitaji kuuliza mtu.

Alikuwa mwangalifu pia kusema kwamba wengi watakaokwenda wataambiwa ni jambo jingine, kama maambukizi ya mkojo, uvimbe wa maji kwenye ovari au hata mimba ya kawaida. Mama mmoja aliuliza kama hapo hatachekwa. “Utachekwa,” alijibu mhudumu, “kisha utarudi nyumbani.”

Mjadala uliofuata haukuwa wa tiba tena. Ulikuwa wa kufuli. Sanduku la akiba la kikundi, kama yalivyo mengi ya aina yake Afrika Mashariki, hufungwa kwa funguo tatu zinazokaa kwa watu watatu tofauti, na hufunguliwa mbele ya mkutano tu. Utaratibu huo hulinda fedha vizuri. Lakini fedha za mfuko wa jamii, ambazo wanakikundi huchangia kwa ajili ya misiba na magonjwa, zimo humo humo. Mweka hazina aliuliza ni nani atakayewakusanya washika funguo watatu saa nane za usiku, mmoja wao akiwa anaishi upande wa pili wa barabara kuu na mwingine akilala kwa binti yake Wanyange mara mbili kwa wiki.

Baadhi walipinga wazo la kuweka fedha nje ya sanduku. Mwaka uliopita kulikuwa na maneno kuhusu mkopo ambao haukuandikwa, na hakuna aliyetaka kurudi huko. Mwenyekiti alipendekeza bahasha moja iliyofungwa kwa gundi na kutiwa sahihi na washika funguo wote, ikae kwa mama mwenye duka ambaye hulala hapo hapo dukani. Ndani yake iwe shilingi 50,000, nauli ya gari usiku na kianzio. Atakayeifungua aandike jina na saa, na fedha zirudishwe kwa wiki kumi bila riba. Mama mzee alitaka iongezwe kanuni moja: mwanamke akizimia, bahasha ifunguliwe kabla ya kumtafuta mume kwa simu, si baada. Hilo lilizua ubishi mrefu kuliko fedha zenyewe. Mwishowe walikubaliana kwamba simu ipigwe gari likiwa njiani.

Katibu alikuwa bado anaandika azimio hilo kwenye daftari wakati mwanamke mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, alipomwendea mhudumu pembeni. Alizungumza kwa sauti ya chini. Ana kitanzi tangu mtoto huyu alipofikisha miezi miwili. Hedhi ilipaswa kuja wiki mbili zilizopita. Juzi aliona doa. Maumivu si makali, alisema, ni upande wa kushoto tu, na ya hapa na pale. Bega haliumi.

Mhudumu alimshika kifundo cha mkono na kutazama saa yake kwa dakika nzima. Hakusema amepata ngapi. Alimwomba mwenzake ampokee mtoto, akamwita mwenye duka.

Bahasha ilikuwa haijatiwa gundi. Mweka hazina alizihesabu zile shilingi 50,000 mkononi mwa mwenye duka, katibu akafungua ukurasa mpya na kuandika jina, na chini yake saa: kumi kasoro robo alasiri.